Maji Kwanza, Mbio Mwisho: Maneno kwa Wakimbiaji na Waendesha Baiskeli wa Mbeya

(Hotuba iliyotolewa Mbeya kwa wanamichezo wanaojiandaa kwa jaribio la triathloni ufukweni Matema)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni. Asanteni kwa kuja, nanyi mliotoka Uyole kwa baiskeli kwenye baridi hii, karibuni mbele kuna viti.

Nimeombwa nieleze triathloni, mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo, na nikijaribu kuieleza yote tutakesha. Nitashika jambo moja. Tangu tutangaze jaribio la Matema, swali ninaloulizwa kila mahali ni hili: kwa nini tuanze na kuogelea, wakati sisi watu wa Mbeya ni wakimbiaji? Tuwekeeni mbio mwanzo tuonyeshe tulichonacho, maji yaje mwisho kila mtu akijikongoja. Swali ni zuri. Ukilijibu vizuri, umejibu pia namna ya kugawa nguvu zako na namna ya kupita pale katikati, kwenye uwanja wa kubadilishia.

Mpangilio huu haukuwepo tangu mwanzo. Triathloni ya kwanza ya zama hizi ilifanyika Mission Bay, San Diego, tarehe 25 Septemba 1974. Waliingia watu 46, jioni baada ya kazi. Walianza kwa kukimbia, wakapanda baiskeli, halafu sehemu ya mwisho wakawa wanapishanisha kuogelea na kukimbia kando ya ghuba. Giza likawakuta wa nyuma wakiwa majini, ikabidi magari yageuzwe kuwamulikia. Hebu fikirieni: mtu ameshakimbia, ameshaendesha, misuli ya paja inataka kukamaa, ndipo unamwambia aingie kwenye maji meusi.

Kati ya walioshiriki siku ile walikuwepo mke na mume, Judy na John Collins. Hao ndio waliokuja kuanzisha mashindano ya Ironman huko Hawaii mwaka 1978, yenye kilomita 3.8 za maji, 180 za baiskeli na marathoni nzima, na humo maji yakawekwa kwanza. Walianza wanaume 15, wakamaliza 12. Tangu hapo karibu dunia yote imefuata mpangilio huo, mpaka Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 ambapo mchezo huu uliingia rasmi kwa umbali ambao nasi tutautumia Matema: kuogelea kilomita 1.5, baiskeli 40, kukimbia 10.

Sababu ya kwanza ni uhai, na inaeleweka bila darasa. Ukichoka kwenye mbio, unakaa chini ya mwembe. Ukichoka kwenye baiskeli, unaweza kuanguka, lakini pia unaweza kufunga breki na kushuka. Ukichoka katikati ya maji hakuna pa kukaa. Kwa hiyo kila hatua inayofuata ni ile ambayo uchovu wake una madhara madogo zaidi. Hata hivyo msidhani kuweka maji mwanzo kumemaliza hatari. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulikusanya vifo na matukio ya moyo kusimama ghafla kwenye triathloni za huko tangu 1985 hadi 2016. Yalikuwa 135, na 90 kati yake yalitokea kwenye kuogelea. Hapo watu walikuwa bado wana nguvu zao zote. Nadhani wazee wameshanielewa kwa nini sitakubali maji yawe mwisho.

Sababu ya pili ndiyo itakayotuweka hapa jioni hii. Mpangilio ndio unaoamua ni wapi utalipia makosa uliyoyafanya mapema. Kwenye mbio za kawaida ukikosea kasi unalipa kwa misuli ileile na pumzi ileile. Kwenye triathloni unakosea kwa mikono na kulipa kwa miguu, au unakosea ukiwa umekaa na kulipa ukiwa umesimama. Na deni lote linaishia kwenye kilomita kumi za mwisho.

Tuchukue mfano wa kijana wa Uyole. Simtaji, na wala msigeuke kutazamana. Kilomita 10 peke yake anakimbia kwa dakika 42 kwenye milima yetu. Baiskeli anaimudu. Kuogelea alijifunza ukubwani kwenye bwawa la hoteli, na kilomita 1.5 anazimaliza kwa dakika 36. Tunaanza saa moja kamili asubuhi pale ufukweni. Afanyeje?

Kwenye maji mpango wake ni mfupi: asishindane na mtu. Akijikaza awezavyo ataokoa labda dakika moja na nusu, kwa sababu maji humzuia asiye fundi kila anapoongeza nguvu. Atatoka anahema kama aliyepanda Loleza, na bado ana zaidi ya saa mbili mbele yake. Wakati wa kuanza asimame pembeni na nyuma kidogo, aache wenye haraka wapigane mateke. Atoe pumzi yote ndani ya maji, maana wengi wanaosema "nimekosa hewa" hawajakosa hewa, wameibana ya zamani kifuani. Akiona pumzi imempanda, ageuke chali, aelee, apunge mkono mtu wa mtumbwi amsogelee. Kushika mtumbwi ukapumzika hakukuondoi mashindanoni, mradi usisogezwe mbele.

Suti za mpira msihangaike kuziazima. Kanuni za kimataifa zinazikataza kwa washiriki wa kawaida kwenye umbali huu maji yakifika nyuzi 22, na Ziwa Nyasa pale Matema ni vuguvugu kuliko hapo. Jambo lingine, kwa kuwa tuko nyumbani: midomo ya mito tunaikwepa kwa sababu ya mamba, na njia yetu ya kuogelea itachorwa na wavuvi wenyewe, sitaichora mimi. Kichocho nacho kipo ziwani. Baada ya wiki kadhaa nendeni kituo cha afya mkapime, dawa ya prazikwanteli inajulikana.

Sasa angalieni mita 100 za mwisho za maji. Kwa zaidi ya nusu saa umelala kifudifudi. Kazi kubwa imefanywa na mabega, na maji yenyewe yamekuwa yakiminya miguu yako na kusaidia damu kurudi kwenye moyo. Unaposimama ghafla, msaada ule unaondoka, damu inashukia miguuni, kichwa kinapungukiwa. Ndiyo maana mnaona watu wanatoka majini wakiyumba kama walevi. Dawa yake ni kuanza kupiga miguu kwa nguvu kidogo kabla hujafika, ili misuli ya miguu iamke na ianze kusukuma damu. Endelea kuogelea mpaka kiganja kiguse mchanga mara mbili, usisimame kwenye maji ya kifuani ukaanza kuyasukuma kwa mapaja. Ukisimama, tembea hatua tano, sita. Kisha kimbia taratibu.

Hapo unaingia badiliko la kwanza. Wengi hulichukulia kama mapumziko, na nimeona watu wakilimaliza kwa dakika sita, wengine wakichana nywele. Kijana wetu tunampa dakika mbili na nusu. Kwa nini nahangaika na dakika hizo? Kwa sababu ndizo dakika za bei nafuu kuliko zote. Ili aokoe dakika moja kwenye baiskeli ya kilomita 40 kwa mwendo wake, itabidi aongeze nguvu kwa karibu asilimia 4 kwa muda wote wa saa moja na dakika ishirini. Kwenye badiliko anaokoa dakika hiyohiyo kwa kupanga vitu vyake vizuri, bila kuhema.

Mpango ni huu. Usiku uliotangulia unatembea njia yote, kutoka majini hadi baiskeli ilipo, na unahesabu safu za vyuma vya kutundikia baiskeli, maana asubuhi baiskeli zote zinafanana. Chini ya baiskeli unatandika kitambaa, kando unaweka chupa ya maji ya kunawia miguu. Matema ni mchanga, na mchanga ndani ya kiatu hauumizi kwenye baiskeli, unaumiza kwenye kilomita ya sita ya mbio ukiwa umeshatengeneza lengelenge. Helmeti unaiweka juu ya usukani ikiwa wazi, kamba zimening'inia nje, miwani ya jua ndani yake. Viatu vya mbio na mkanda wa namba vinakaa nyuma kidogo, hivyo ni vya baadaye.

Ukifika, miwani ya kuogelea chini, helmeti kichwani, kamba unaifunga. Narudia, unaifunga kabla mkono haujagusa baiskeli. Hiyo ni kanuni, na itasimamiwa. Kisha unaishusha baiskeli na kukimbia nayo mpaka uvuke mstari wa kupandia. Usipande kabla ya mstari. Kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012 Jonathan Brownlee wa Uingereza alipanda mapema mno, akaadhibiwa kusimama sekunde 15 wakati wa mbio. Alimaliza wa tatu, sekunde 20 nyuma ya wa pili. Kama mtu wa kiwango kile anaweza kukosea mstari, nasi tuufanyie mazoezi.

Sasa tumefika kwenye baiskeli, na hapa ndipo wengi wenu mtaipotezea mbio bila kujua, hasa nyie wazuri wa milima.

Mnafanya mazoezi wapi? Uyole kupanda Isyonje, na kushuka. Barabara ile inajenga mapaja, siikatai. Lakini inakuzoesha kazi yenye vipindi: unapanda kwa kuteseka, halafu unateremka bila kukanyaga pedali, mwili unapoa, mgongo unanyooka. Matema kuelekea Ipinda ni tambarare ya mpunga na kokoa. Hakuna mteremko wa kukupumzisha. Kilomita 20 kwenda na 20 kurudi, miguu inazunguka bila kukoma, na mgongo umeinama muda wote. Mtu wa milimani anashangaa kwamba barabara iliyolala inamchosha kuliko mlima. Sababu ni hiyo, hajawahi kukanyaga pedali dakika 80 mfululizo.

Halafu kuna hewa. Kwenye tambarare, adui wako mkubwa ni hewa unayoipasua, na nguvu inayodaiwa na hewa hupanda kwa kasi kuliko mwendo wenyewe. Kijana wetu tunampangia kilomita 30 kwa saa, atamaliza kwa dakika 80. Mwenzake akipitwa na mtu, akasema sikubali, akapandisha hadi kilomita 32 kwa saa, atamaliza kwa dakika 75. Dakika tano si haba. Lakini kilomita hizo mbili za nyongeza zinataka nguvu kubwa zaidi kwa karibu asilimia 21 kuishinda hewa peke yake. Kisha kumbukeni kwamba Mbeya tuko kwenye mita 1,700 hivi, na ziwa liko chini ya mita 500. Hewa ya kule ni nzito zaidi. Mapafu yataifurahia, baiskeli itaichukia. Ukilazimisha mwendo unaouona kwenye saa yako ukiwa Mbeya, utatumia nguvu nyingi zaidi bila kujua zimekwenda wapi.

Na upepo. Asubuhi mapema kunakuwa shwari, au upepo mwepesi unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likipanda, nchi kavu inapata joto kuliko maji, upepo unageuka na kuingia kutoka ziwani. Piga hesabu: kijana wetu anageuza kwenye kilomita 20 saa mbili na dakika kumi na nane hivi. Maana yake ni kwamba anaporudi ziwani, jua linazidi kupanda, na anaweza kukutana na upepo usoni nusu yote ya pili. Akishikilia kilomita 30 kwa saa kwenye upepo ule, ameshavunja mpango. Mwache ashuke hadi 28. Kinachotakiwa kubaki palepale ni jitihada, na kipimo chake ni pumzi: kwenye baiskeli awe anaweza kusema sentensi fupi bila kukatika. Akibaki na neno mojamoja, amezidisha.

Kukanyaga kwa nguvu kuliko mpango ni mkopo wa kausha damu. Fedha unaipata papo hapo, unajiona tajiri kwa saa nzima, na mwenye mkopo hakufuati mpaka ushuke kwenye baiskeli. Tuweke hesabu mezani. Mpango wa kijana wetu ni kukimbia kilomita kumi za mwisho kwa dakika 45 na sekunde 30, yaani 4:33 kwa kila kilomita. Si zile 42 zake za kawaida, na asione aibu. Mwenzake aliyekopa dakika tano anaanza mbio kwa furaha, kilomita nne za kwanza kwa 4:20. Kisha miguu inakataa, na kilomita sita zilizobaki anazikokota kwa 5:50. Jumla yake ni dakika 52 na sekunde 20. Alipata dakika 5, amelipa karibu dakika 7. Na hapo nimemhurumia, kwa sababu sijamtembeza. Akitembea kilomita mbili tu, hesabu inakuwa mbaya mara mbili.

Mtu atauliza, mbona kwenye Olimpiki wanaendesha kama wazimu na bado wanakimbia? Wale wanaruhusiwa kufuatana kwa karibu kwenye kundi, na anayejificha nyuma ya wenzake anaokoa nguvu nyingi sana. Sisi washiriki wa kawaida haturuhusiwi. Kila mtu anapasua hewa yake. Msiige mbinu zao.

Baiskeli ina kazi nyingine ambayo inatokana moja kwa moja na mpangilio: ndipo pekee pa kula. Majini huwezi. Kwenye mbio tumbo linarukaruka na damu imekwenda miguuni, chakula kinakaa juu. Kwa hiyo mwenye akili anaweka akiba ya mbio akiwa bado amekaa kwenye kiti cha baiskeli. Dakika kumi za kwanza kunywa maji tu, tumbo litulie baada ya kumeza ziwa. Baada ya hapo tafuta wanga wa gramu 30 hadi 60 kwa saa. Ndizi mbivu ya kawaida ina gramu 25 hivi. Ndizi mbili, au ndizi moja na glukosi iliyochanganywa kwenye chupa na chumvi kidogo, zinatosha kabisa. Maji, nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa, kwa mafunda madogo madogo. Kula kwa mara ya mwisho iwe kama dakika 15 kabla ya kushuka. Na tafadhali, usijaribu siku ya mashindano kitu ambacho tumbo lako halikijui, hata kama umekipata bure.

Kilomita mbili za mwisho za baiskeli ni za kujiandaa kushuka. Weka gia nyepesi, zungusha miguu haraka kidogo, kwa mizunguko 90 kwa dakika au zaidi. Inuka kwenye kiti mara mbili tatu, nyoosha mgongo na nyonga. Shuka kabla ya mstari wa kushukia, kimbia na baiskeli, itundike, ndipo ufungue helmeti. Ukiifungua kabla hujaitundika baiskeli, mwamuzi atakuita. Viatu, mkanda wa namba, kofia, basi. Dakika moja na robo. Kofia na namba unavaa ukiwa tayari unakimbia.

Sasa mnisikilize kuhusu kilomita ya kwanza ya mbio, maana hapa wakimbiaji wazuri ndio wanaoumia kuliko wabaya.

Ukishuka, miguu inakuwa kama si yako. Kwa saa nzima nyonga imekunjwa, paja limesukuma pedali kwenda chini bila kupokea kishindo chochote. Sasa ghafla kila hatua inashuka na uzito wa mwili, na misuli inatakiwa inyumbuke na kurudi. Ubongo nao bado una mdundo wa pedali. Hiyo inapita yenyewe baada ya kilomita moja au mbili, haina haja ya kuogopa.

Kibaya zaidi ni kwamba macho yanakudanganya. Umetoka kwenye mwendo wa kilomita 30 kwa saa, miti ilikuwa inapita haraka. Sasa unakimbia kilomita 13 kwa saa na unahisi umesimama. Unaongeza. Miguu mizito, lakini mizunguko yake ni ya haraka kwa sababu ya mdundo uleule wa baiskeli, na watu wanashangilia. Mtu wa 4:33 anaangalia saa kwenye kilomita ya kwanza, anakuta 4:10. Anasema, leo niko vizuri. Hayuko vizuri.

Watafiti wa Ufaransa walichapisha mwaka 2010 jaribio walilofanya na wanatriathloni kumi wazoefu. Waliwapangia kilomita ya kwanza baada ya baiskeli kwa namna tatu, wakilinganisha na namna wanavyoanza kilomita 10 za peke yake: haraka zaidi kwa asilimia 5, polepole kwa asilimia 5, na polepole kwa asilimia 10. Baada ya hapo kila mtu akimbie apendavyo. Walimaliza mapema zaidi walipoanza polepole kwa asilimia 5. Kuanza haraka kuliwagharimu, na kujivuta kupita kiasi pia kuliwagharimu. Kumbukeni hao ni wazoefu, ambao miili yao imeshaizoea hali hii.

Kwa kijana wetu naitafsiri hivi. Kilomita ya kwanza 4:45, hata kama bibi mmoja mwenye kapu la samaki anaonekana kumpita. Aangalie saa kwenye mita 500, asisubiri kilomita iishe. Hatua fupi, mabega yashuke. Kuanzia hapo 4:32 kila kilomita, na atafika kwa dakika 45 na nusu. Ukijumlisha na maji, baiskeli na mabadiliko yote mawili, ni saa 2 na dakika 45.

Dalili za kwamba ameanza haraka huja mapema kuliko watu wanavyodhani. Kichomi upande wa kulia chini ya mbavu kwenye kilomita ya pili. Nyayo zinaanza kupiga kelele barabarani. Akijaribu kumjibu mtu anayemsalimia, sauti inakatika kwenye neno la pili. Akiona mawili kati ya hayo, apunguze kasi kwa sekunde 15 kwa kilomita palepale, kwa kilomita nzima. Akisubiri kilomita ya tano, kupunguza hakutamsaidia tena.

Na joto. Mpangilio wa maji kwanza una hasara hii moja ambayo sitaificha: mbio zinaangukia saa mbaya kuliko zote. Kijana wetu anaanza kukimbia saa tatu asubuhi. Kyela saa tatu na Mbeya saa tatu ni nchi mbili. Sisi tunalala na mablanketi mawili, damu yetu haijazoea kutoa jasho kwa wingi, na kule hewa ina unyevu, jasho linatiririka bila kukauka, hivyo halipoozi. Mwili ukishindwa kujipooza haujali umefanya mazoezi kiasi gani. Septemba 2016 kule Cozumel, Meksiko, Jonathan Brownlee yuleyule alikuwa anaongoza fainali ya msimu wa dunia. Zikiwa zimebaki mita mia kadhaa akaanza kuyumba, miguu ikamwisha. Kaka yake Alistair alimkuta, akamshika mkono, wakaenda pamoja mpaka mwisho, Henri Schoeman wa Afrika Kusini akiwa ameshawapita na kushinda.

Ukiona mwenzako anayumba, amechanganyikiwa, hasa kama ana baridi na vinyweleo vimemsimama juani, usimwambie kaza. Mkalishe kivulini, mmwagie maji mwili mzima, aitwe mganga. Kwa kila meza ya maji tutaweka ndoo na vikombe: kikombe kimoja kinywani, kimoja kichwani. Wanaoweza, wateremke Kyela siku kumi kabla, wakimbie taratibu mchana kila siku. Mwili hujifunza joto kwa wiki moja hadi mbili. Asiyeweza avae nguo za ziada kwenye mazoezi ya mwisho hapa, kwa kiasi, na aongeze sekunde nyingine kumi kwa kilomita kwenye mpango wake.

Mazoezi ya kuunganisha baiskeli na mbio yatakuwa mara moja kwa wiki, Jumapili alfajiri kabla malori hayajajaa barabara kuu. Baiskeli dakika 60 kwenye kipande kilicholala, bila kuacha kukanyaga. Kisha tundika, vaa viatu, kimbia kilomita 3 tu. Sihitaji zaidi. Ninachoangalia ni kilomita ya kwanza. Mtu atakayekuja kwangu wiki tatu mfululizo na kilomita ya kwanza iliyo polepole kuliko ya tatu, huyo yuko tayari. Atakayekuja na ya kwanza ya 4:05 na ya tatu ya 5:10, nitampunguzia baiskeli, hata kama analalamika kwamba tatizo lake ni mbio.

Mama mmoja pale nyuma ameinua mkono muda mrefu. Naam, dada. Anauliza: sisi tusiojua kuogelea tufanyeje, tukae pembeni tushangilie?

Hapana. Kwenu tutaweka duathloni: kimbia kilomita 5, baiskeli 20, kisha kimbia 2.5. Mtaanza nusu saa baada ya wenzenu kuingia majini. Lakini angalieni, hapa ndipo ule mtego wa wakimbiaji unarudi kwa sura nyingine. Mnaanza na kile mnachokiweza, mkiwa na nguvu zote, na kila mtu atataka kuongoza zile kilomita 5. Miguu mliyoitumia hapo ndiyo hiyohiyo ya baiskeli, na ndiyo hiyohiyo ya kilomita 2.5 za mwisho. Hamna mikono ya kuanzia kazi kama waogeleaji. Kwa hiyo kama kilomita 5 unazikimbia kwa dakika 25, zikimbie kwa 27, uingie kwenye badiliko ukiwa unaweza kunisalimia kwa jina. Helmeti zenu tutazikagua Jumamosi jioni, pamoja na breki, na asiye na helmeti aniambie leo kabla hajatoka, zipo nne za kuazima.